Matumba ya haibiskasi yanaanguka kabla ya kuchanua: shajara ya vyungu tisa, Kigamboni

11 Januari 2025

Nina vyungu tisa vya haibiskasi kwenye baraza ya nyuma, hapa Kigamboni. Vitano ni vya aina nyekundu ya kawaida yenye petali tano, ile inayopandwa kwenye nyua za nyumba nyingi za pwani, na vinne ni vya aina ya rangi ya pichi yenye petali nyingi zilizosongamana. Vyote vina majani ya kutosha, vyote vinatoa matumba kila wiki, na tangu upepo wa kaskazi uanze kuvuma mwezi Desemba matumba mengi yanageuka manjano na kuanguka kabla ya kuchanua. Kila asubuhi nafagia matumba kwenye sakafu. Nimeamua kuandika kila hatua, pamoja na makosa na gharama, ili mwenye tatizo kama hili aweze kufuata au kuepuka nilichofanya.

Nimeanza kwa kuhesabu, kwa sababu neno "yanaanguka mengi" halitanisaidia kujua kama dawa yoyote imefanya kazi. Nimenunua uzi wa kushonea wa rangi mbili kwa shilingi 1,000, nikafunga kipande kwa ulegevu kwenye kikonyo cha kila tumba lililofikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Yako matumba 31 kwenye vyungu vyekundu, ambavyo nimeviita N1 hadi N5, na 29 kwenye vya pichi, P1 hadi P4. Kwenye daftari kila tumba lina mstari wake wenye tarehe ya kufungwa uzi, tarehe ya kuanguka au kuchanua, na hali yake likipasuliwa kwa wembe.

Ukiangalia kikonyo cha haibiskasi kwa karibu utaona kwamba hakikuendelea moja kwa moja. Karibu na tumba kuna kifundo kidogo, kama kiungo cha kidole. Tumba linaloelekea kuanguka huanza na duara la manjano kwenye kifundo hicho, huku tumba lenyewe bado ni la kijani na gumu. Baada ya siku mbili au tatu, ukiligusa tu kwa ncha ya kidole linatengana hapo hapo, na jeraha linalobaki ni safi na kavu, kama mahali palipokatwa kwa kisu. Kwa hiyo tumba halikuvunjwa na upepo wala na mtu aliyepita, bali mmea wenyewe umeliachia.

27 Januari 2025

Matokeo ya hesabu ya kwanza: kwenye nyekundu yameanguka matumba 12 kati ya 31, na kwenye pichi yameanguka 24 kati ya 29. Tofauti hii imenifundisha mapema kwamba aina ya mmea ina sehemu yake. Tumba lenye petali nyingi linahitaji maji na sukari zaidi kwa siku nyingi zaidi, na wanaokuza haibiskasi wanajua kwamba aina za petali nyingi huachia matumba kwa urahisi kuliko za petali tano. Hata hivyo nyekundu nazo zimepoteza zaidi ya theluthi moja, na hilo haliwezi kuwa tabia ya aina peke yake.

Nimepasua matumba yote 36 yaliyoanguka. Nilikuwa natafuta funza, kwa sababu katika baadhi ya nchi kuna kiinzi anayetaga mayai ndani ya matumba ya haibiskasi na funza wake wadogo wa manjano huyafanya yaanguke. Sikuona funza hata mmoja. Petali za ndani zilikuwa zimekunjana vizuri, safi, bila doa. Tumba lililo salama ndani lakini limeachiwa kwenye kifundo ni ishara kwamba tatizo liko kwenye mmea mzima, yaani mizizi, maji, joto au lishe, wala si ndani ya tumba.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Niliambiwa dukani kwamba maua yanahitaji fosforasi, nikanunua nusu kilo ya mbolea ya DAP kwa shilingi 2,000 na kuweka kijiko kimoja cha chakula kwenye kila chungu leo asubuhi.

8 Februari 2025

DAP imeharibu mambo. Siku ya sita kingo za majani zilianza kukauka na kuwa za kahawia, na siku ya tisa majani machanga ya P1 na P3 yalikuwa yamepauka huku mishipa ikibaki ya kijani. Matumba yaliyokuwa yamebaki kwenye pichi yameanguka yote.

DAP ina naitrojeni asilimia 18 na fosforasi asilimia 46 kwa kipimo cha mbolea, na haina potasiamu kabisa. Haibiskasi inahitaji potasiamu nyingi na fosforasi kidogo. Fosforasi ikizidi kwenye chungu huzuia mizizi isipate chuma na zinki, ndiyo sababu ya majani machanga kupauka. Zaidi ya hayo, mbolea yoyote ya chumvichumvi ikiwekwa nyingi kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyasaidia kuingia. Nilikuwa na mmea wenye kiu, nikauongezea kiu.

Nimejaribu kuiosha kwa kumwaga ndoo mbili za maji taratibu kwenye kila chungu mpaka yatoke chini. Hilo lingekuwa sahihi kama maji yangekuwa mazuri, lakini nilitumia ya kisima chetu, ambayo yana chumvi unayoionja ulimini kama visima vingi vya karibu na bahari. Baada ya siku tatu ukingo wa kila chungu ulikuwa na ukoko mweupe. Nimekwangua kidogo kwa ukucha nikaonja, ni chumvi. Jana nimerudia kuosha kwa maji ya bomba niliyokinga usiku kwenye simtanki, na kuanzia sasa haibiskasi hazitapata maji ya kisima.

Kosa jingine ni la utaratibu, nalo nalijutia zaidi. Niliweka DAP kwenye vyungu vyote tisa, kwa hiyo sikubakiza hata kimoja cha kulinganisha. Anayetaka kufuata kazi hii aache chungu kimoja au viwili bila kuguswa kila anapojaribu jambo jipya.

15 Februari 2025

Nimepoteza wiki moja kwa kumwagilia kupita kiasi. Niliona majani yakilegea saa nane mchana na kusimama tena magharibi, nikaongeza maji ya jioni mara mbili. Majani yaliendelea kulegea mchana vilevile. Ndipo mzee anayetunza bustani ya jirani alipopita kunisaidia kuinua chungu cha P2 na kukinusa chini.

"Shikamoo mzee. Umeona nini?"

"Marahaba. Dada, hili lina kiu ya mchana, wewe unalinywesha usiku. Litoe uone."

Tuliutoa mmea wote na udongo wake kama unavyotoa mkate kwenye bati. Mizizi ilikuwa imezunguka na kubana hadi ikachukua umbo la chungu. Upande uliokuwa umeelekea magharibi, kuanzia juu hadi karibu na chini, mizizi ya nje ilikuwa ya kahawia, mikavu, na gamba lake lilitoka kwa kuvuta kidogo likabaki uzi mwembamba katikati. Sehemu ya chini, iliyokaa ndani ya sahani yenye maji, ilikuwa nyeusi na yenye harufu ya tope la bwawa. Mizizi myeupe iliyo hai ilibaki katikati na upande wa mashariki tu, pengine nusu ya yote.

Hapo nilielewa kwa nini mmea ulikuwa unalegea mchana ilhali udongo ulikuwa na maji. Mizizi iliyobaki haikuweza kupandisha maji kwa kasi ambayo majani yanayapoteza saa za jua kali. Mmea ukifika hapo hupunguza mzigo, na matumba ndiyo mzigo wa kwanza kutupwa. Tumba lenye afya hupeleka homoni iitwayo oksini kwenye kikonyo, na homoni hiyo ndiyo inayokishika kifundo. Mmea ukisumbuliwa na ukame, joto, chumvi au mizizi iliyozama majini, mtiririko huo hupungua na gesi ya ethilini huongezeka ndani ya mmea, nayo hulegeza tabaka jembamba la seli kwenye kifundo. Haibiskasi ni miongoni mwa mimea inayoathirika sana na ethilini. Kwa hiyo sababu nyingi zinazoonekana tofauti huishia kwenye njia moja, na ndiyo maana kulitazama tumba lililoanguka peke yake hakukuambii kilicholiangusha.

22 Februari 2025

Nilinunua kipimajoto cha kuchomeka kwa shilingi 12,000. Saa tisa alasiri, nje kulikuwa na joto la nyuzi 33 kivulini. Ndani ya chungu cheusi cha plastiki, sentimita tatu kutoka ukingo wa magharibi, kilisoma nyuzi 44. Katikati ya chungu hicho hicho kilisoma 36. Kwenye kitanda cha maua kilicho chini ya ukuta, kina cha kidole kizima, kilisoma 30.

Kipimo hiki ndicho kilichobadilisha mwelekeo wa mradi. Mizizi ya upande wa magharibi wa P2 haikufa kwa kukosa maji wala kwa maradhi, ilipikwa. Chungu cheusi juu ya sakafu ya saruji hupigwa na jua la alasiri upande mmoja na kupokea joto la sakafu kwa chini, na mizizi mingi ya mmea wa chunguni iko hasa kwenye ukingo huo. Mmea uliopandwa ardhini hauna shida hii, na sasa naelewa kwa nini ua wa haibiskasi wa jirani, ambao haumwagiliwi hata mara moja kwa wiki, unachanua hatua kumi kutoka kwenye baraza yangu.

Nilirudi kwenye daftari kulinganisha tarehe za kuanguka na siku nilizoandika kuwa za joto kali au siku nilizosafiri na vyungu kukauka. Matumba hayakuanguka siku hizo. Wimbi kubwa la kuanguka lilikuja siku ya nne hadi ya saba baada yake. Ucheleweshaji huo ndio ulionidanganya mwanzoni, kwa kuwa kila mara nilipoona matumba chini nililaumu jambo la jana, nikabadilisha kitu, kisha matumba yakaacha kuanguka yenyewe kwa sababu yaliyoathirika yalikuwa yamekwisha. Ningeweza kuapa kwamba nilichofanya ndicho kilichoponya.

1 Machi 2025

Leo nimefanya mabadiliko makubwa kwenye vyungu saba. N5 na P4 nimeviacha kama vilivyo, vyungu vyeusi juu ya saruji na maji ya jioni, ili viwe vya kulinganisha. Tofauti ni maji tu, kwani navyo vinapata ya bomba.

Nimehamishia mimea saba kwenye vyungu vya kipenyo cha sentimita 40, shilingi 9,000 kila kimoja, jumla 63,000. Udongo wa zamani ulikuwa udongo mwekundu na samadi, ambao ukilowa unashikana na ukikauka unaachana na ukingo wa chungu, kisha maji yanapita pembeni bila kulowesha mizizi. Mpya ni sehemu mbili za mboji iliyoiva, moja ya mchanga wa mto ulioshwa, na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa kidogo. Mboji imenigharimu 15,000 na mchanga 3,000. Pumba nilipewa bure mashineni. Mizizi iliyokufa niliikata kwa mkasi safi na ile iliyozunguka nikaipasua kwa kisu mistari mitatu wima. Nimepunguza matawi kwa theluthi moja ili majani yalingane na mizizi iliyobaki. Sahani za chini nimeziondoa na kila chungu kimekaa juu ya vipande vitatu vya tofali, hewa ipite.

Kuhusu joto, nilianza kwa kupaka vyungu chokaa ya shilingi 2,000. Haishiki kwenye plastiki. Mara ya tatu ya kumwagilia ilikuwa imetiririka yote sakafuni. Badala yake nimevika kila chungu kiroba cheupe cha sandarusi, shilingi 500 kila kimoja, nikikifunga juu kwa kamba na kuacha nafasi ya kidole kati ya kiroba na chungu. Upande wa magharibi wa baraza nimetundika mita nne za neti ya kivuli, shilingi 18,000, inayozuia jua kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Sikuziba jua la asubuhi, kwa sababu haibiskasi iliyokosa jua haiachii matumba, haiyatoi kabisa.

Saa tisa alasiri nilipima tena ukingo wa magharibi wa N2: nyuzi 35, wakati N5 ilisoma 43.

15 Machi 2025

Matumba yote ya vyungu saba yameanguka, na vyungu vya kulinganisha vimebaki na machache. Nilitarajia hivyo na ninaliandika kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo mtu angekata tamaa na kurudisha kila kitu. Kuhamisha mmea ni usumbufu mkubwa kuliko siku moja ya jua kali, na hata kuuzungusha tu ili upande mwingine uangalie jua kunaweza kuangusha matumba. Nimechora alama kwenye ukingo wa kila chungu inayoelekea mashariki, na baada ya hapo sivigeuzi.

Maji sasa ni asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mpaka yatoke chini. Saa tisa alasiri nachomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu kabisa naongeza lita moja, kikitoka na chembe zilizoshikamana naacha. Katika siku kumi na nne imenibidi kuongeza siku tano tu. Kila wiki mbili naweka salfeti ya potasiamu, gramu tano zilizoyeyushwa kwenye lita tano za maji na kugawiwa vyungu vyote saba, baada ya udongo kulowa. Nusu kilo ilikuwa shilingi 4,000, na kwa kiasi hiki itadumu zaidi ya mwaka.

5 Aprili 2025

Matumba mapya yamejaa na nyekundu zimeanza kuchanua vizuri. Kwenye pichi limejitokeza tatizo la namna nyingine, nalo ningelikosa kama nisingeendelea kupasua matumba.

Haya hayaanguki yakiwa madogo. Yanakua hadi rangi ya pichi inachungulia juu, kisha yanasimama, ncha inapinda kidogo, na yanaanguka siku moja au mbili kabla ya kuchanua. Machache yaliyofunguka yana kingo za kahawia na michirizi myeupe kwenye petali. Nililikata moja wima na kulipigapiga juu ya karatasi nyeupe. Kwa sekunde chache sikuona kitu, kisha vipande viwili vya manjano, vyembamba kama uzi uliokatwa na visivyozidi milimita moja, vikaanza kutembea. Ni thripi, wadudu wa jamii ya wale wanaowasumbua wakulima wa vitunguu. Wanajificha kati ya petali zilizokunjana, wanakwangua na kufyonza, na petali nyingi za pichi zinawapa maficho mengi kuliko petali tano za nyekundu. Kati ya matumba 10 ya pichi niliyoyapigapiga, 8 yalikuwa nao. Kati ya 10 ya nyekundu, mawili.

Kosa langu jingine lilikuwa kupulizia maji ya sabuni juu ya matumba. Yalilowesha nje na thripi walikuwa ndani. Mafuta ya mwarobaini, shilingi 8,000 kwa chupa, nayo hayafiki ndani ya tumba lililofungwa. Pia thripi hutaga mayai ndani ya nyama ya mmea, na wanaporuka kutoka utoto kwenda ukubwa wengi hushuka udongoni, kwa hiyo kupulizia mara moja hakugusi mayai wala walioko chini.

Kilichofanya kazi ni kuwanyima nyumba. Nimeyatoa kwa mkono matumba yote ya pichi yaliyopita ukubwa wa punje ya mbaazi, pamoja na P4 ingawa ni cha kulinganisha, kwa kuwa kingewaambukiza wenzake. Nimeyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuanika juani siku mbili kabla ya kutupa. Yaliyoanguka naokota kila asubuhi badala ya kuyaacha yaoze juu ya udongo. Kila baada ya siku sita, mara nne, napulizia vijiko viwili vya chai vya mwarobaini na nusu kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja, jua likiwa limezama, nikilenga ncha changa na matumba madogo ambayo thripi hawajaingia. Mchana mchanganyiko huo huunguza majani.

Tofauti za kukumbuka ni hizi: tumba dogo, safi ndani, lenye duara la manjano kwenye kifundo, linakupeleka kwenye chungu na mizizi, tumba kubwa, lililopinda, lenye michirizi ndani, linakupeleka kwenye karatasi nyeupe.

17 Mei 2025

Hesabu ya pili. Nyekundu nne zilizobadilishwa: yameanguka 3 kati ya 26. N5 ya kulinganisha: 2 kati ya 7. Pichi tatu zilizobadilishwa: 8 kati ya 22. P4: 4 kati ya 8.

Ningefurahi kuandika kwamba kazi imekwisha, lakini tazama vyungu vya kulinganisha. Navyo vimepata nafuu, ingawa chokochoko zote za joto na maji ya jioni sikuviondolea. Sababu ni masika. Mvua imenyesha, mawingu yamefunika jua la alasiri, na N5 saa tisa ilisoma nyuzi 33. Kwa hiyo sehemu ya nafuu hii ni ya majira, si yangu. Jaribio la kweli la viroba na neti litakuja kaskazi ikirudi, na shajara itasimama hadi wakati huo isipokuwa kwa utunzaji wa kawaida.

Gharama hadi leo ni shilingi 131,500. Kati ya hizo, 4,000 zilipotea kabisa kwa DAP na chokaa. Ningeanza upya leo, ningenunua kipimajoto kwanza na viroba pili, jumla 15,500, kabla ya kununua chungu chochote kipya.

7 Februari 2026

Kaskazi imevuma tangu Desemba na wiki tatu za Januari zilikuwa na joto lile lile la mwaka jana, nyuzi 33 hadi 34 alasiri. Nilifunga uzi tarehe 10 Januari na kufunga hesabu leo asubuhi, tumba la mwisho lilipochanua.

Nyekundu nne: yameanguka 4 kati ya 28. N5: 4 kati ya 7. Pichi tatu: 9 kati ya 24. P4: 7 kati ya 8.

Mimea ni michache na chungu kimoja cha kulinganisha kwa kila aina si ushahidi mkubwa, lakini safari hii majira hayawezi kusifiwa, kwa sababu vyungu vyote vimekaa kwenye baraza moja katika kaskazi ile ile. Ukingo wa magharibi wa N5 ulifika nyuzi 44 siku tatu, na matumba yake manne yalianguka siku ya tano na ya sita baada ya hapo, kila moja safi ndani. Kwenye vyungu vyenye viroba kipimo cha juu kilikuwa 36. Kiroba cheupe huchakaa: viwili vimepasuka kwa jua na nimevibadilisha kwa shilingi 1,000.

Pichi bado zinapoteza zaidi ya theluthi moja. Matumba 6 kati ya 9 yaliyoanguka yalikuwa na thripi, ingawa niliokota kila asubuhi, na naamini chanzo chao ni mstari wa vitunguu nilioupanda mwezi Novemba mita nne tu kutoka kwenye baraza, jambo ambalo ningelifikiria mapema. Vitunguu nimevivuna wiki hii na sitavirudisha hapo. Matatu mengine yalikuwa safi, na matatu hayo nayahesabu kuwa ya aina yenyewe.

Kesho P4 inatoka kwenye chungu cheusi na kwenda ardhini, kwenye kitanda cha maua chini ya ukuta, upande unaopata jua la asubuhi. Nitaikata matawi kwa theluthi moja na sitahesabu matumba yake kwa wiki sita za kwanza.